Kukinga hatifungani za dola kwa fyucha: namna ya kupata idadi sahihi ya mikataba

Tuchukue mfuko wa pensheni wenye hatifungani za serikali ya Marekani zenye thamani ya dola milioni 20. Kamati ya uwekezaji inahofia kwamba riba zitapanda katika miezi mitatu ijayo, na riba ikipanda bei ya hatifungani inashuka. Haitaki kuziuza, kwa sababu itabidi izinunue tena baadaye na kulipa gharama mara mbili, na pengine kanuni za mfuko zinataka zishikiliwe. Njia iliyobaki ni kuuza mikataba ya baadaye, ile ambayo madalali huiita fyucha, katika soko la Chicago. Riba ikipanda, bei ya fyucha nayo inashuka, na aliyeuza kwa bei ya juu anapata faida inayofidia hasara ya hatifungani.

Hadi hapo kila mtu anaelewa. Kazi iko kwenye swali linalofuata: tuuze mikataba mingapi? Ukiuza michache umejikinga nusu, na ukiuza mingi kupita kiasi umeacha kujikinga, sasa unabashiri kwamba riba itapanda. Mwongozo huu unapita katika hesabu hiyo kwa kutumia dyuresheni. Bei na dyuresheni zilizomo ni za mfano, ila ukubwa wake unafanana na wa sokoni.

Hatua ya kwanza: pima kapu linapoteza dola ngapi

Dyuresheni inayotumika hapa ni ile iliyorekebishwa: asilimia ambayo bei ya hatifungani inabadilika riba ya soko ikisogea kwa asilimia moja. Yenye dyuresheni ya 6 hupoteza takriban asilimia 6 riba ikipanda kutoka, tuseme, asilimia 4 hadi 5.

Asilimia hazitoshi kwa kazi yetu. Tunataka dola, na tunataka mwendo mdogo wa riba, yaani pointi moja ya msingi, ambayo ni asilimia 0.01. Kwenye skrini namba hiyo huandikwa DV01, na hesabu yake ni fupi:

```
DV01 = thamani ya soko × dyuresheni × 0.0001
```

Thamani ya soko iwe na riba iliyokwisha kulimbikizwa ndani yake, si bei tupu inayotangazwa. Kapu letu lina hatifungani za aina tatu:

```
Miaka 5:   $8,000,000 × 4.4 × 0.0001 = $3,520
Miaka 7:   $7,000,000 × 6.0 × 0.0001 = $4,200
Miaka 10:  $5,000,000 × 7.9 × 0.0001 = $3,950
Jumla:                                 $11,670
```

Kwa hiyo kila riba inapopanda kwa pointi moja ya msingi, kapu linapungua dola 11,670. Ikipanda kwa nusu asilimia, ambayo ni pointi 50, hasara inakaribia dola 583,500. Usizitupe zile namba tatu za kati ukabaki na jumla peke yake. Tutazihitaji mbele.

Hatua ya pili: chagua mkataba

Fyucha za hatifungani za Marekani zipo za vipindi mbalimbali. Wa miaka 5 una alama ZF, wa miaka 10 una alama ZN, na upo mwingine wa miaka 10 unaofuata hatifungani mpya zaidi, wenye alama TN. Yote mitatu ina thamani ya uso ya dola 100,000 kwa kila mkataba, na miezi yake ni Machi, Juni, Septemba na Desemba. Dyuresheni ya kapu letu ni karibu 5.8, kwa hiyo tutaanza na ZN.

Hapa ndipo jina linapowapoteza wageni. ZN inaitwa ya miaka 10, lakini haitembei kama hatifungani iliyobakiza miaka 10. Anayeuza mkataba huu na kuushikilia hadi mwisho anaruhusiwa kukabidhi mojawapo ya hatifungani kadhaa za serikali, na zinazokubalika zinaanzia zile zilizobakiza miaka sita na nusu. Muuzaji ndiye anayechagua, na atachagua inayomgharimu kidogo kuliko zote. Soko zima linalijua hilo, kwa hiyo bei ya fyucha hufuata hatifungani hiyo moja. Nitaiita hatifungani ya kukabidhi.

Hatua ya tatu: itafute hatifungani ya kukabidhi

Kwa kuwa hatifungani zinazokubalika hazilingani, soko huipa kila moja kigezo cha ubadilishaji. Kigezo hicho ni, kwa makadirio, bei ambayo kila dola moja ya hatifungani hiyo ingekuwa nayo kama riba ya soko ingekuwa asilimia 6. Soko lenyewe hutangaza jedwali la vigezo, huna haja ya kuvikokotoa. Anayekabidhi hulipwa bei ya fyucha mara kigezo, pamoja na riba iliyolimbikizwa.

Ili kujua ipi ni rahisi kukabidhi, chukua bei ya kila hatifungani, toa bei ya fyucha iliyozidishwa kwa kigezo chake, kisha uangalie tofauti ipi ni ndogo zaidi. Tuseme ZN inaonekana kwenye skrini kwa 110-30. Hiyo si 110.30. Tarakimu baada ya kistari ni sehemu za 32, kwa hiyo bei ni 110 na 30/32, yaani 110.9375. Ukiisoma vibaya umekosea dola 637.50 kwa kila mkataba.

```
A: kuponi 4%, imebakiza miaka 6 na miezi 9
   98.83 − (110.9375 × 0.8902) = 0.07

B: kuponi 4.25%, imebakiza miaka 7 na nusu
   100.00 − (110.9375 × 0.8955) = 0.66
```

A ndiyo ya kukabidhi. Wataalamu huenda mbali zaidi na kuhesabu gharama ya kuishikilia kila hatifungani hadi siku ya makabidhiano, na tofauti zikikaribiana sana huna budi kufanya hivyo. Zikiachana kama hapa, jibu ni lile lile. Riba za soko zikiwa chini ya asilimia 6, kwa kawaida hatifungani zenye dyuresheni fupi ndizo zinazoshinda, na ndiyo maana ZN huwa karibu na mwendo wa miaka saba kuliko kumi.

Hatua ya nne: DV01 ya mkataba mmoja

Fyucha haina kuponi wala tarehe ya kuiva, kwa hiyo dyuresheni yake tunaiazima kwa A. Bei ya A pamoja na riba iliyolimbikizwa ni 99.83, na dyuresheni yake ni 5.80. Kwa thamani ya uso ya dola 100,000:

```
DV01 ya A      = 99,830 × 5.80 × 0.0001 = $57.90
DV01 ya fyucha = 57.90 / 0.8902         = $65.04
```

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Bei ya fyucha ni sawa na bei ya A iliyogawanywa kwa kigezo, na mwendo wake lazima ugawanywe vivyo hivyo. Kwa kuwa kigezo ni kidogo kuliko 1, fyucha inatikisika zaidi ya A yenyewe.

Hatua ya tano: gawanya

```
Mikataba = DV01 ya kapu / DV01 ya fyucha
         = 11,670 / 65.04
         = 179.4
```

Uza mikataba 179. Aliyesahau kigezo angegawanya kwa 57.90 na kupata 202, yaani mikataba 23 ya ziada ambayo haikingi chochote. Mtu huyo angejiona amejikinga, kumbe riba ikishuka angepoteza karibu dola 1,500 kwa kila pointi moja ya msingi, juu ya kila kitu kingine.

Tujaribu. Riba zote zikipanda kwa pointi 50, kapu linapoteza takriban 583,500, na fyucha zinaleta 179 × 65.04 × 50, ambayo ni karibu 582,100. Hesabu halisi itatofautiana kidogo, kwa sababu bei ya hatifungani haishuki kwa mstari ulionyooka: dyuresheni yenyewe hubadilika riba inaposogea. Kwa mwendo wa pointi 50 kosa hilo linavumilika, tena fyucha nazo zina mpindo wa aina hiyo hiyo unaolifuta kwa sehemu kubwa. Kwa mwendo mkubwa zaidi utalazimika kukokotoa upya.

Si lazima ukinge kila kitu, na mara nyingi nisingeshauri hivyo. Kapu lililokingwa kabisa huacha kuwa kapu la hatifungani: halipandi wala halishuki kwa riba ndefu, na linachozalisha kinakaribia riba ya muda mfupi ya soko la fedha. Kamati ikitaka dyuresheni ishuke kutoka 5.835 hadi 3 tu, tumia tofauti yake:

```
20,000,000 × (5.835 − 3) × 0.0001 / 65.04 = 87.2
```

Mikataba 87 inatosha. Ni vizuri kiwango hiki kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya kuuza hata mkataba mmoja, kwa sababu fyucha zikianza kuonyesha hasara kuna mtu atauliza ni nani aliyeidhinisha.

Riba zisipotembea pamoja

Hesabu yote hapo juu inachukulia kwamba riba za miaka 5, 7 na 10 zinasogea sawasawa. Mara nyingi hazifanyi hivyo. Chukua hali ambapo riba ya miaka 5 inapanda kwa pointi 20, ya miaka 7 kwa 30, na ya miaka 10 kwa 50:

```
Hasara ya kapu: 3,520×20 + 4,200×30 + 3,950×50 = $393,900
Faida ya ZN:    179 × 65.04 × 30               = $349,265
```

Pengo ni dola 44,600 na ushee, na hakuna mtu aliyekosea hesabu. ZN ilifuata riba ya miaka saba kama inavyopaswa, lakini dola milioni 5 za miaka 10 zilikuwa zinapigwa mahali ambapo ZN haifiki.

Tiba yake ni kukinga kila kipande kwa mkataba wa rika lake, na hapa ndipo zile namba tatu za hatua ya kwanza zinapolipa. Tuseme DV01 ya ZF ni dola 43 na ya TN ni dola 86. Basi unauza ZF 82 kwa kipande cha miaka 5, ZN 65 kwa cha miaka 7, na TN 46 kwa cha miaka 10. Kwa mwendo ule ule wa riba, mikataba hiyo inaleta karibu dola 395,150 dhidi ya hasara ya 393,900. Usumbufu wa kufuatilia mikataba mitatu badala ya mmoja ni mdogo ukilinganisha na pengo lile. Mimi ningetumia mkataba mmoja pale tu ambapo kapu zima limekusanyika kwenye umri mmoja.

Fedha taslimu, kabla ya yote

Kinga nyingi nzuri huvunjika katikati kwa kukosa fedha, wala si kwa hesabu mbaya. Fyucha hulipwa kila siku. Bei ikipanda leo, hasara yako inakatwa kwenye akaunti ya dalali jioni hii, ilhali faida ya hatifungani imebaki kwenye karatasi hadi uuze.

Tuseme umeuza 179 na riba ikashuka kwa pointi 25. Kapu limepata thamani, hakuna aliyeumia, lakini dalali anataka karibu dola 291,000 taslimu. Hiyo ni mbali na amana ya awali, ambayo soko huipanga na huweza kuiongeza mtikisiko unapozidi. Usipolipa, dalali hufunga mikataba, na unabaki bila kinga wakati riba inageuka. Kwa hiyo tenga fedha au dhamana za muda mfupi zinazoweza kubeba mwendo wa pointi 75 hadi 100 dhidi yako. Kwa mikataba yetu 179 hiyo ni takriban dola 873,000 hadi milioni 1.16. Kama mfuko hauwezi kutenga kiasi hicho, punguza idadi ya mikataba mpaka uweze.

Kuitunza kinga

Siku chache kabla ya mwezi wa mkataba kuanza, wauzaji huanza kutoa taarifa za makabidhiano. Kwa mkataba wa Desemba hiyo ni mwishoni mwa Novemba, na kabla ya siku hizo uwe umenunua tena Desemba na kuuza Machi. Biashara hizo mbili zifanywe kwa agizo moja la kubadilishana miezi, usije ukanunua mmoja halafu bei ikakukimbia kabla ya kuuza mwingine. Mkataba wa Machi unaweza kuwa na hatifungani nyingine ya kukabidhi, kwa hiyo rudia hatua ya tatu na ya nne badala ya kuhamisha 179 zile zile.

Kila wiki linganisha mabadiliko ya fyucha na mabadiliko ya kapu, mkabala kwa mkabala. Faida ya upande mmoja ikigawanywa kwa hasara ya upande wa pili inapaswa kuwa karibu na 1. Kuyumba siku moja moja ni kawaida. Ikikaa 0.85 au 1.15 kwa majuma kadhaa, angalia kwanza mkunjo wa riba kama tulivyoona, kisha angalia kama hatifungani ya kukabidhi imebadilika. Riba za soko zinapopanda kuelekea asilimia 6, zile ndefu huanza kuwa rahisi kukabidhi, DV01 ya fyucha inaongezeka, na mikataba 179 iliyokuwa sahihi inakuwa mingi mno bila wewe kugusa kitu. Kokotoa upya pia ukinunua au kuuza hatifungani yoyote, na kila riba inaposogea kwa robo asilimia au zaidi.

Kinga hii inaishia wapi

Kila dola hapo juu ilikuwa kwenye hatifungani za serikali ya Marekani, zilizokingwa kwa fyucha za hatifungani hizo hizo. Mifuko mingi ya Afrika Mashariki yenye dola hushikilia pia hatifungani za dola zilizotolewa na serikali za Afrika, kama zile Kenya ilizoanza kutoa mwaka 2014. Riba ya hatifungani kama hiyo ina tabaka mbili: riba ya Marekani, na juu yake nyongeza ambayo wawekezaji wanadai kwa sababu mkopaji anaweza kushindwa kulipa. ZN inakinga tabaka la kwanza peke yake.

Machi 2020 ilionyesha maana yake. Hofu ya korona ilipotanda, wawekezaji walikimbilia hatifungani za Marekani, na tarehe 9 riba ya miaka 10 ilishuka hata chini ya asilimia 0.5 kwa muda. Mwezi huo huo waliuza hatifungani za dola za Afrika kwa wingi, na bei zake zikaporomoka. Aliyekuwa na hatifungani za Kenya na ameuza ZN kama kinga angepigwa pande zote mbili, kwa kuwa hatifungani zilishuka na fyucha alizouza zikapanda. Wengine hujaribu kurekebisha kwa kuzidisha idadi ya mikataba kwa kipimo cha namna riba mbili zilivyokuwa zikitembea pamoja zamani. Kwenye kampuni kubwa za Marekani zenye sifa nzuri kipimo hicho kinasaidia. Kwa hatifungani zetu hubadilika, na wakati wa hofu kinaweza kugeuka hasi, hivyo usikitegemee. Kinga sehemu ya riba ya Marekani ukitaka, huku ukijua nyongeza iko wazi.

Kwa hatifungani za shilingi, ZN haina kazi kabisa. Riba zake zinaendeshwa na minada ya hazina na sera ya benki kuu ya hapa nyumbani, na sarafu yenyewe ni nyingine. Soko la mikataba ya baadaye la Nairobi lilipofunguliwa mwaka 2019 lilianza na hisa na faharasa ya hisa, si hatifungani. Mwenye kapu la shilingi anayeogopa riba kupanda anabaki na njia ya kawaida: kufupisha umri wa hatifungani zake kwa kununua za muda mfupi kila ndefu zinapoiva, na kuuza zilizo ndefu zaidi soko linapokuwa na wanunuzi.